Umealikwa Marekani, viza juu yao? Angalia ada inaelekea wapi

Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha wakulima wa tangawizi Mamba Miamba, huko milimani Upare, wilayani Same. Asubuhi unafungua barua pepe ya kikundi na kukuta mwaliko wa Kiingereza wenye nembo ya Umoja wa Mataifa. Kuna mkutano wa kimataifa kuhusu wanawake, kilimo na mabadiliko ya tabianchi: siku tano New York, kisha siku nne Dakar, Senegal. Wajumbe watatu wa kikundi wamechaguliwa. Tiketi za ndege, viza za Marekani na chakula vitalipwa na waandaaji. Ninyi mtalipia kitu kimoja tu, kujiandikisha pamoja na kuhifadhi hoteli ya Dakar, dola 160 kwa kila mjumbe. Jumla ni dola 480, zaidi ya shilingi milioni moja. Fedha hiyo ipo kwenye akaunti ya kikundi, imewekwa kwa ajili ya mbegu.

Kikundi hiki tumekitunga, lakini barua ya aina hii ipo na ni ya siku nyingi. Mada yake hubadilika kufuata upepo: ajira kwa watoto, Ukimwi, usafirishaji haramu wa binadamu, sasa tabianchi. Mpango wa miji miwili ndio usiobadilika, na Dakar hujitokeza mara kwa mara. Umoja wa Mataifa wenyewe una ukurasa kwenye tovuti yake, `un.org`, unaoonya kuhusu barua za ulaghai zinazotumia jina lake.

Kwa nini miji miwili? Macho yako yote yako New York, kwenye sehemu ya gharama kubwa ambayo eti imelipiwa. Ukilinganisha safari nzima ya Marekani na dola 160, unaona huna cha kupoteza. Fedha pekee inayohama mkono ni ile ya Dakar, na hutakiwi kuilipa hotelini bali kwa "ofisa wa uratibu," kwa jina la mtu binafsi, kupitia Western Union au MoneyGram. Kisha barua inaongeza sharti moja: risiti ya malipo hayo ndiyo itakayopelekwa ubalozini ili viza zenu zitolewe.

Hapo penye risiti na viza ndipo pa kusimama, kwa sababu sharti hilo haliwezi kuwa kweli.

Viza ya Marekani hutolewa na ofisa wa ubalozi peke yake. Mwombaji wa viza ya matembezi au ya mkutano hujaza mwenyewe fomu ya mtandaoni iitwayo DS-160, hulipa ada ambayo tangu Juni 2023 ni dola 185, kisha huenda kwenye usaili. Kwa mtu wa Same hiyo ni safari ya basi hadi Dar es Salaam. Hakuna hatua ambayo mwandaaji wa mkutano anakaa kwenye usaili kwa niaba yako au "anatuma jina lako" viza ikatoka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaeleza wazi kwenye tovuti yake kwamba barua ya mwaliko si ya lazima kwa anayeomba viza ya namna hii. Unaweza kwenda nayo, ofisa anaweza kuisoma, lakini uamuzi unakuhusu wewe: unakwenda kufanya nini, na nini kitakurudisha nyumbani. Risiti ya hoteli ya Senegal haina nafasi yoyote hapo.

Masharti yenyewe hubadilika, na kwa Watanzania yameongezeka. Oktoba 2025 nchi yetu iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Hata hiyo hailipwi mpaka ofisa wa ubalozi aelekeze, na huenda kwa serikali ya Marekani moja kwa moja. Anayekuambia umtumie yeye dhamana hiyo, au sehemu yake, amejifichua. Kabla ya kupanga lolote, soma ukurasa wa ubalozi siku hiyohiyo, usitegemee makala hii wala maneno ya aliyewahi kusafiri.

Mtu anaweza kusema labda mwandaaji mkubwa ana uwezo ambao sisi hatuujui. Tazama yaliyotokea Montreal, Kanada, mwaka 2022. Mkutano wa kimataifa wa Ukimwi ulikuwa halali kabisa, ukiandaliwa na chama kinachojulikana dunia nzima. Hata hivyo, wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza au majibu hayakufika kwa wakati, na jambo hilo lililalamikiwa waziwazi mkutanoni. Ikiwa waandaaji wale hawakuweza kuhakikisha viza za wageni wao, mwandikaji wa barua yako anaihakikishaje kwa dola 160?

Hapa inabidi tuwe waangalifu, maana wengi hujifunza nusu ya somo na kusema mkutano ukidai ada ni utapeli. Si kweli. Mikutano mingi ya kweli, hasa ya wanataaluma, hutoza ada ya kujiandikisha, na mingine haitoi barua ya kuombea viza mpaka ada hiyo ilipwe. Wana sababu: hawataki kusambaza barua kwa watu wasiokusudia kuhudhuria. Tofauti iko katika namna wanavyosema. Mwandaaji wa kweli atakuandikia kwamba barua haihakikishi viza, kwamba kuomba na kulipia viza ni juu yako, na ataweka wazi ukinyimwa utarudishiwa kiasi gani na mwisho wa kudai ni lini. Ada inalipwa kwenye tovuti ya mkutano au kwenye akaunti ya taasisi, yenye jina la taasisi. Na mara nyingi wewe ndiye uliyeanza: ulituma muhtasari wa kazi yako au uliomba nafasi. Kikundi cha Mamba Miamba hakikuomba chochote.

Kuna pia kundi la katikati, ambalo ndilo gumu zaidi kulitambua. Mkutano unafanyika kweli, ukumbi upo, lakini umeandaliwa kukusanya ada tu, na majina ya wataalamu wakubwa yamewekwa kwenye ratiba bila wao kukubali. Kampuni ya OMICS ya India ilishtakiwa Marekani mwaka 2016 na tume ya kulinda walaji kwa madai ya aina hiyo, pamoja na makosa katika majarida yake, na mwaka 2019 mahakama iliiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Dawa ya kundi hili ni ndogo na inatumia muda kuliko fedha: chagua majina mawili ya wazungumzaji, tafuta ukurasa wao kwenye chuo wanakofanya kazi, uwaandikie kwa anwani iliyoko chuoni kuuliza kama watakuwepo.

Turudi kwenye barua ya kikundi chetu. Ukague huanzia kwenye anwani ya mtumaji. Kwenye simu, chini ya jina lake kuna kialama kidogo cha mshale. Ukikibonyeza unaiona anwani kamili. Angalia pia kama kuna mstari wa `Reply-To`. Huo ndio unaoonyesha jibu lako litakwenda wapi, na mara nyingine juu kuna anwani nzuri huku jibu likielekezwa kwenye sanduku la bure la mtu binafsi.

Anwani isome kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya alama ya `@`, sehemu za mwisho ndizo zinazomtaja mwenye nyumba. Kwa mfano, `ofisi@un.org` ni ya Umoja wa Mataifa, lakini `ofisi@un.org.kongamano.example` si yake, ni ya mwenye `kongamano.example` aliyebandika maneno `un.org` mbele kama kibao cha duka. (Neno `.example` hutumika kwa mifano tu, usilitafute.) Lakini anwani sahihi isikutoshe peke yake, kwani jina la mtumaji linaweza kughushiwa.

Kama barua ina tovuti, iandike kwenye `lookup.icann.org`, huduma ya bure inayoonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini. Barua ikisema huu ni mkutano wa kumi na mbili wa kila mwaka, na tovuti ina wiki sita, umepata jibu lako. Tovuti ikiwa ya zamani bado haijathibitisha kitu, kwa hiyo usiishie hapo.

Hatua inayobaki ndiyo yenye nguvu kuliko zote: muulize anayetajwa, kwa njia uliyoitafuta wewe mwenyewe. Namba iliyo kwenye barua itapokelewa na mwandikaji wa barua, kwa sauti ya upole na Kiingereza kizuri. Badala yake tafuta tovuti ya taasisi iliyotajwa na utumie anwani iliyopo pale. Ulizia hoteli ya Dakar kwa namna hiyohiyo: ipo? Ina nafasi zilizoshikwa kwa ajili ya mkutano huo? Inapokea malipo mgeni akifika? Mara nyingi ukaguzi mzima huishia kwa hoteli, kwa sababu haipo, au ipo na haijasikia habari ya mkutano.

Wakati unasubiri majibu, usitume nakala ya pasipoti. Barua hizi huiomba mapema, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na picha, na hata msipotoa senti, taarifa hizo zina soko lake. Na mjumbe asiye na pasipoti asikimbilie kuomba kwa ajili ya barua hii. Kitabu hicho kinagharimu shilingi 150,000.

Na kama fedha imeshatumwa? Muda ndio kila kitu. Iliyotumwa kwa Western Union inaweza kusimamishwa ikiwa haijachukuliwa, hivyo rudi kwa wakala mara moja na risiti yenye namba ya muamala, MTCN. Iliyotumwa kwa simu, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe izuiwe. Kama tapeli ametumia namba ya Tanzania, itume kwenda 15040, kisha upige ripoti kituo cha polisi. Wanachama waambiwe siku hiyohiyo, ingawa ni aibu, kwa sababu baada ya malipo ya kwanza huja barua ya pili, ya bima au ya "kuharakisha viza," na mtu anayeficha ndiye hulipa tena akitumaini kuiokoa ile ya mwanzo. Barua pepe zenyewe usizifute. Polisi watahitaji kuziona zilivyofika, na picha ya kioo cha simu haionyeshi zilikotoka.