Nyuzi 37.5 kupitia Kigeuzi cha Arduino

Kihisi cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Katika mashine ya kutotolesha vifaranga inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5, basi, hutoa milivolti 375. Kigeuzi kilichomo ndani ya chipu ya Arduino Uno, ATmega328P, hulinganisha volti hizo na volti ya rejea, kisha hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023.

Ubao usipoelekezwa vingine, rejea yake ni umeme uleule wa volti 5 unaouendesha. Kila hatua huwa karibu milivolti 4.9, yaani nusu nyuzi, hivyo kipimo huruka kutoka 37.1 hadi 37.6 bila kitu katikati. Hatari zaidi ni chaja. Umeme wake ukishuka hadi volti 4.7, kigeuzi husoma 81 badala ya 76, na programu inayoamini volti ni 5 hutangaza nyuzi 39.6. Mashine huzima taa, mayai yakapoa, ilhali kihisi hakina kosa lolote.

Dawa ni rejea ya ndani ya volti 1.1. Haiyumbi pamoja na chaja, na hatua zake hukaribia nyuzi 0.1. Thamani yake halisi, hata hivyo, hutofautiana kati ya chipu na chipu, kuanzia 1.0 hadi 1.2, ipimwe kwa mita kwenye pini ya AREF, na namba iliyopatikana iandikwe kwenye programu. Rejea hii ikiwa kazini, pini hiyo isiunganishwe na umeme wa nje.

Kila usomaji huanza kwa kujaza kapasita ndogo iliyomo ndani ya chipu, na muda wa kuijaza ni takriban mikrosekunde 12 tu. Ndiyo maana mtengenezaji hushauri chanzo kisizidi kilo-omu 10. Chanzo kikiwa dhaifu, pini moja huonyesha mabaki ya pini iliyosomwa kabla yake. Kusoma mara mbili na kutupa jibu la kwanza husaidia. Katika chipu za STM32 muda huo huchaguliwa kwenye programu, na kwa kuwa joto la mayai hubadilika taratibu, hakuna sababu ya kuubana.

Hubaki kelele. Nyaya za umeme wa hertzi 50 huingiza wimbi linalojirudia kila milisekunde 20, kwa hiyo wastani wa visomo 20 vilivyotawanywa katika muda huo hulifuta karibu lote:

```
// analogReference(INTERNAL) iwe ndani ya setup()
long jumla = 0;
for (int i = 0; i < 20; i++) {
  jumla += analogRead(A0);
  delayMicroseconds(888);
}
float joto = jumla / 20.0 * 110.0 / 1024;
```

Hapo 110.0 ni volti 1.1 mara 100. Rejea iliyopimwa ikiwa 1.08, huandikwa 108.0.

Visomo ghafi vikichapishwa kwenye skrini, aina ya kelele hujionyesha. Vinavyocheza kuzunguka namba moja hutulizwa na wastani. Kisomo kimoja kinachoruka mbali kila relei inapobofya huuvuruga wastani huo. Hicho huondolewa kwa kupanga visomo vitano kwa ukubwa na kuchukua cha katikati.