Kwa Nini Babu Naye Ameze Dawa ya Minyoo

Mwaka 1898, jijini Kairo, mtaalamu wa minyoo Mjerumani aitwaye Arthur Looss alikuwa maabara akiwadondoshea simbilisi maji yenye vijiminyoo vya safura mdomoni. Wakati huo madaktari waliamini kwamba safura humwingia mtu kwa kumeza, na majaribio yake yalifuata imani hiyo. Tone moja likamdondokea mkononi. Ngozi ikaanza kumwasha na kuwa nyekundu, na alipochunguza maji yaliyobaki pale aliona magamba matupu: vijiminyoo vilikuwa vimejivua na kutokomea. Looss alianza kupima kinyesi chake mwenyewe, na baada ya wiki kadhaa akakuta mayai ya safura.

Wenzake hawakukubali upesi. Baadaye alipata kijana aliyekuwa akisubiri kukatwa mguu hospitalini, akauwekea mguu huo vijiminyoo yapata saa moja kabla ya upasuaji. Ngozi ilipotazamwa kwa hadubini, vijiminyoo vilikuwamo ndani yake, vikishuka kwa kufuata vinyweleo. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio la namna hiyo, lakini jibu lilipatikana: safura huingilia ngozini.

Safari yenyewe ni hii. Mtu mwenye safura akijisaidia kichakani, mayai hutoka na kinyesi. Penye kivuli, joto na unyevu huanguliwa kwa siku moja au mbili. Vijiminyoo hula bakteria, hujivua ngozi mara mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 huwa tayari kumwingia mtu. Kuanzia hapo havili tena. Huishi kwa akiba waliyonayo mwilini, wiki tatu au nne hivi, wakingoja mguu. Udongo wa kichanga wenye unyevu huwafaa sana kwa sababu hupenya humo kwa urahisi, ilhali jua kali na ukavu huwaua. Wakishaingia ngozini hubebwa na damu hadi moyoni, kisha mapafuni, hutoboa vifuko vya hewa, hupanda njia ya pumzi hadi kooni, na mtu huwameza pamoja na makohozi bila kujua. Hufika kwenye utumbo mwembamba, hung'ata ukuta wake na kuanza kunywa damu. Mnyoo mzima una urefu wa sentimita moja tu, na kwa kawaida mzazi hamwoni kamwe kwenye choo cha mtoto.

Minyoo ya mviringo, ile mikubwa myeupe ambayo wazazi huiona na kushtuka, hupita mapafuni vilevile. Mlango wake ndio tofauti. Jike hufikia sentimita 20 hadi 35 na hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku. Yai likitoka leo haliwezi kumwambukiza mtu leo. Linahitaji wiki mbili hadi nne udongoni ili kijiminyoo kilichomo kikomae. Kwa hiyo mama anayemsafisha mwanawe hapati minyoo palepale. Mayai humrudia mtu kwa mkono wenye vumbi, embe lililookotwa chini, mchicha usiooshwa vizuri. Yakimezwa huanguliwa utumboni, vijiminyoo hupenya hadi ini, kisha moyo na mapafu, hupanda kooni na kumezwa tena. Mwaka 1922 daktari Mjapani, Shimesu Koino, alimeza mayai 2,000 ya mnyoo huyu ili kujua njia yake. Aliugua kifua vibaya, na katika makohozi yake mwenyewe akavikuta vijiminyoo. Ndiyo sababu mtoto aliyemeza mayai mengi huweza kukohoa kwa siku kadhaa, na mganga akadhani ni pumu.

Zingatia tofauti moja kati ya hawa wawili, kwa maana mengi yatategemea hiyo. Yai la mnyoo wa mviringo lina ganda gumu na laweza kukaa udongoni miaka likiwa hai. Kijiminyoo cha safura hakina ganda, na baada ya wiki chache kimekufa.

Sasa mtoto. Safura mmoja wa aina iliyoenea zaidi humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno hata kuonekana. Lakini chukua mtoto wa miaka minane mwenye minyoo 100: hiyo ni mililita 3 kila siku, na ndani ya damu hiyo mna karibu miligramu moja ya madini ya chuma. Sehemu hufyonzwa tena utumboni, nyingine hupotea. Mtoto wa umri huo anayekula ugali, maharage na mboga, nyama mara moja moja, huweza kuambulia mwilini kiasi hichohicho cha miligramu moja kwa siku kutoka kwenye chakula chote. Hesabu yake haina ziada. Akiba ya chuma inakwisha kwanza, wakati mtoto bado anaonekana mzima; kisha damu inapungua, na hapo ndipo viganja na ndani ya kope vinapauka, mtoto anachoka akikimbia, anasinzia darasani, wakati mwingine anatamani kula udongo. Kisiwani Pemba, watafiti waliopima wanafunzi katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba safura ilichangia karibu robo ya upungufu wote wa damu, na karibu robo tatu ya ule uliokuwa mkali.

Minyoo ya mviringo hainywi damu. Hula chakula kilichokwisha kusagwa, huzuia vitamini A isifyonzwe vizuri, na humkatisha mtoto hamu ya kula. Ikiwa mingi husongamana na kuziba utumbo. Mtoto aliyevimba tumbo, anayetapika na asiyepata choo wala kujamba hafai kupewa dawa ya minyoo nyumbani. Ni wa kukimbizwa hospitali.

Je, dawa humrudishia mtoto ukuaji wake? Hapa wataalamu wamebishana kwa miaka, na ubishi wenyewe si wa kupuuzwa. Mtoto mwenye minyoo mingi akitibiwa huongezeka uzito, hilo halina shaka kubwa. Lakini dawa ikigawiwa kwa watoto wote wa eneo, na uzito wao wote ukapimwa na kugawanywa, wastani mara nyingi hausogei sana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki kwa sehemu, kwa kuwa minyoo haijigawi sawa. Katika kijiji kimoja watu wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote, wengi wana michache, na wengine hawana hata mmoja. Faida ya yule mtoto mmoja humezwa na wenzake tisa ambao hawakuwa na cha kutibiwa. Na chuma kilichopotea hakirudishwi na kidonge cha minyoo. Mtoto aliyekipoteza anahitaji chakula chenye chuma au dawa ya kuongeza damu.

Kwa nini basi wasipimwe kwanza, wakatibiwa wenye minyoo tu? Kwa sababu kipimo ni ghali kuliko dawa. Kinyesi hupitishwa kwenye chujio, kikajazwa kwenye tundu linalobeba miligramu 41.7, kikafunikwa na mtaalamu akahesabu mayai kwa hadubini na kuzidisha kwa 24 ili apate idadi katika gramu moja. Mayai ya safura huyeyuka yasionekane baada ya saa moja hivi, kwa hiyo anayechelewa kusoma huandika sifuri isiyo ya kweli. Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, kwa upande mwingine, hutolewa bure na mtengenezaji kupitia Shirika la Afya Duniani, na ni salama hata kwa asiye na minyoo. Utaratibu ni kupima sampuli ya wanafunzi wa wilaya: penye maambukizi ya asilimia 20 au zaidi watoto wote hupewa dawa mara moja kwa mwaka, na yakipita asilimia 50, mara mbili. Walimu ndio wagawaji. Mtoto hutafuna na kumeza mbele ya mwalimu, jina likaandikwa. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa nusu kidonge, kilichopondwa ili kisimkwame kooni.

Shule imechaguliwa kwa kuwa watoto tayari wako hapo, na kwa minyoo ya mviringo uchaguzi huo unafaa, maana ndio wanaochezea udongo na ndio wenye minyoo mingi. Safura haifuati mpango huo. Mwili haujengi kinga ya maana dhidi yake, mnyoo mmoja huweza kuishi miaka, na anayetembea shambani pekupeku huongezewa mingine kila msimu. Kwa hiyo idadi hupanda na umri. Mtoto anatibiwa shuleni Jumanne, na Jumatano anapita kichakani alikojisaidia babu yake.

Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, ndiko jambo hili lilikopimwa. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa London walizigawa jamii 120 kwa kura katika makundi matatu. Utafiti ukaitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Kundi la kwanza liliendelea na utaratibu wa kutibu watoto mara moja kwa mwaka. La pili, wahudumu wa afya wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka wakimpa dawa kila mtu kuanzia miaka miwili hadi wazee. La tatu lilifanyiwa hivyo mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, walioambukizwa safura katika kundi la kwanza walishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika la pili, kutoka 17.9 hadi 8.0. Katika la tatu, kutoka 20.6 hadi 6.2. Dawa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeimeza. Na hapo ndipo ule uhai mfupi wa kijiminyoo cha safura unapokuwa na maana, kwa sababu watu wazima wakiacha kumwaga mayai, udongo hubaki na shehena ya wiki chache tu. Kwa minyoo ya mviringo, udongo hubaki na shehena ya miaka.

Asilimia 6.2 si sifuri, hata hivyo. Albendazoli haimalizi minyoo yote ya safura kwa dozi moja. Mwanamume aliyekwenda kazini hakutwi nyumbani mhudumu anapopita. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hapewi dawa kabisa. Na nyumba isiyo na choo itaendelea kutumia kichaka kilekile, ambapo anayebaki na minyoo michache, kila jike likitaga mayai elfu kadhaa kwa siku, anatosha kuwarudishia wengine. Ndiyo maana wahudumu wanapaswa kurudi baada ya miezi sita, hasa kwenye nyumba ambazo mara ya kwanza mlango haukufunguliwa.