Barua ya Mkandarasi: Mvua na Dizeli Havipiti Mlango Mmoja (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulieleza maana ya tukio lisilozuilika katika mkataba wa ujenzi. Leo tuifungue barua yenyewe, kwa mfano wa barabara ya changarawe inayojengwa kwa mkataba wa FIDIC wa mwaka 1999, Kitabu Chekundu.

Maji yanafunika tuta Aprili 2 na kazi inasimama. Aprili 9 dizeli inaisha, na vituo vya jirani havina. Maji yanakauka Aprili 25, lakini greda halina mafuta. Aprili 30 mkandarasi anaandika barua moja: mvua kubwa na uhaba wa mafuta vimesimamisha kazi, naomba muda na fedha.

Barua hiyo ina kasoro. Kifungu cha 19 kinataka tukio liwe nje ya uwezo wa mhusika, lisilosababishwa na upande wa pili, ambalo asingeweza kujikinga nalo kabla ya kusaini wala kulikwepa lilipotokea. Masika huja kila mwaka, kwa hiyo mvua ya kawaida haifikii kipimo hicho. Hata hivyo mvua ina mlango wake: kifungu cha 8.4 kinaruhusu kuongezewa muda kwa hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida. Ushahidi wake ni milimita za kipima mvua cha jirani, zikilinganishwa na rekodi za miaka mingi za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Taarifa ya dai hilo hutolewa ndani ya siku 28, na Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho. Amenusurika.

Dizeli ni jambo jingine. Kifungu cha 8.4 kinatambua uhaba wa vifaa usiotarajiwa uliotokana na maradhi ya mlipuko au hatua za serikali tu. Uhaba wenye chanzo kingine hubaki chini ya kifungu cha 19, ambacho taarifa yake hutolewa ndani ya siku 14. Barua imekwenda siku ya 21. Tena, bei kupanda si uhaba: lazima aonyeshe barua za wauzaji wanaokiri kukosa mafuta, na juhudi zake za kuyatafuta kwingine.

Mhandisi msimamizi atauliza pia: kati ya Aprili 9 na 25, nini hasa kilizuia kazi? Ni maji: hata matangi yangejaa, greda lisingeingia. Dizeli inahesabika kuanzia Aprili 26. Anayejibu swali hilo ni daftari la kila siku la eneo la kazi, lililosainiwa na pande zote mbili, likionyesha kina cha maji, mitambo iliyosimama na lita zilizobaki.

Kuhusu fedha, mkandarasi asitegemee. Mvua ya 8.4 humpa muda tu, unaomwepusha na fidia ya ucheleweshaji. Gharama za mitambo iliyolala ni zake.

Kwa hiyo aandike taarifa mbili, kila moja na kifungu chake na tarehe yake, siku tatizo linapoanza. Juma lijalo: mwajiri akikataa dai.