Majina mawili, namba nne: hesabu ya wapenzi inavyopigwa

Mahali popote vijana wanapochumbiana hakukosekani anayejua kupiga hesabu ya majina. Anaomba majina kamili ya wote wawili, anaandika namba chini ya kila herufi, anajumlisha, kisha anatoa hukumu: mnaendana, au hamuendani. Hesabu yenyewe ni nyepesi na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kwa hiyo inafaa kuipiga mpaka mwisho, kwa majina ya watu wanaojulikana, na kuangalia inatoa nini.

Kila herufi hupewa namba kwa mpangilio wake katika alfabeti ya Kilatini. A ni 1, B ni 2, na kuendelea hadi I ambayo ni 9. J inaanza upya kwa 1 hadi R yenye 9, kisha S inarudi kwenye 1 na Z inaishia kwenye 8. Ukijumlisha herufi zote za jina unapata namba ya jina zima, ambayo husemwa kuwa inaonyesha vipaji vya mtu na namna anavyojitokeza mbele ya watu. Ukijumlisha irabu peke yake, yaani A, E, I, O na U, unapata namba ya moyo, inayosemwa kubeba yale mtu anayoyatamani kwa siri. Jumla ikiwa na tarakimu mbili au zaidi, tarakimu hizo hujumlishwa tena mpaka ibaki moja. Wengi huziacha 11 na 22 kama zilivyo, kwa kuziona namba za pekee.

Wapenzi wawili basi wana namba nne. Ya jina inalinganishwa na ya jina, ya moyo na ya moyo. Zikifanana, ni heri. Zisipofanana, huangaliwa kama zimo katika kundi moja, kwa kuwa kuna makundi matatu yanayohesabiwa kuwa ya namba zinazopatana: 1, 5 na 7, 2, 4 na 8, na 3, 6 na 9.

Tuwachukue Barack na Michelle Obama, waliofunga ndoa Chicago tarehe 3 Oktoba 1992. Majina ya kuzaliwa ni Barack Hussein Obama na Michelle LaVaughn Robinson. Barack ni 2, 1, 9, 1, 3 na 2, jumla 18. Hussein inatoa 32, na Obama 14. Zote pamoja ni 64. Sita na nne ni 10, na 10 inabaki 1. Kwa upande wa mke, Michelle ni 40, LaVaughn 32 na Robinson 43. Jumla ni 115, inayobaki 7. Moja na saba zimo katika kundi moja.

Upande wa moyo unapendeza zaidi. Irabu za mume zinafika 27, ambayo ni 9. Za mke zinafika 45, nayo ni 9. Mpiga hesabu yeyote angefurahi: mioyo miwili yenye namba ileile, na namba yenyewe ni ile inayofasiriwa kuwa ya huruma na kuhudumia watu. Mtu angeweza kuondoka hapo akiwa ameridhika kabisa.

Ila dunia nzima inawajua kama Barack Obama na Michelle Obama. Ukipiga hesabu kwa majina hayo, mume anapata 32, yaani 5, na mke 54, yaani 9. Makundi mawili tofauti. Moyo wa mume sasa ni 1, wa mke umebaki 9. Nazo hazipatani. Watu ni walewale, ndoa ni ileile, lakini hukumu imegeuka juu chini.

Wenye fani wanalo jibu: jina sahihi ni lile la kuzaliwa, kama lilivyoandikwa kwenye cheti, na jina la sasa huongeza rangi tu. Jibu hilo lina shida kubwa kwetu, Afrika Mashariki. Majina yetu mengi yana tahajia kadhaa, na mara nyingi iliyoingia kwenye cheti ni ile aliyoichagua karani. Chukua jina la kawaida kabisa. Mohamed ni 32, linabaki 5. Mohammed, kwa M moja zaidi, ni 36, linabaki 9. Muhammad ni 29, linalofika 11, moja ya zile namba za pekee. Mama amemwita mwanawe kwa sauti ileile, na mtoto amepata tabia tatu.

Pwani yetu ina hesabu ya majina iliyo kongwe kuliko hii na isiyoyumba namna hiyo. Walimu wa falaki huhesabu kwa abjadi, yaani thamani za herufi za Kiarabu: alifu 1, be 2, mpaka ghaini 1,000. Muhammad kwa Kiarabu ni mim 40, ha 8, mim 40 na dal 4, jumla 92, hata karani wa Kilatini aandike vipi. Jina la mtu hujumlishwa na la mama yake, hutolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki huonyesha nyota, kuanzia Hamali hadi Hutu. Kwamba jumla ni 92 hakuna wa kubisha. Kwamba 92 inajua lolote kuhusu ndoa ni dai jingine.

Mfumo wa Kilatini husifiwa kuwa wa Pithagora, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Pithagora hakuacha maandishi yoyote, na alfabeti hii ya herufi 26 haikuwepo zama zake. J na U zilitengwa na I na V karne nyingi baadaye. Mfumo tunaoutumia ulienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hasa na vitabu vya L. Dow Balliett, mwanamke wa Atlantic City.

Kwa nini basi hesabu hii huonekana kupatia? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa nyavu zake. Tuseme namba tisa zimegawanyika sawasawa kwa watu. Watu wawili wasiojuana kabisa wana nafasi moja kati ya tatu ya kuangukia kundi moja kwa jina, na nafasi kama hiyo kwa moyo. Nafasi ya kupatana angalau mahali pamoja ni tano kati ya tisa. Zaidi ya nusu ya wapita njia sokoni wataambiwa wana jambo linalowaunganisha.

Sababu ya pili ni maelezo yenyewe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake. Wote walipewa karatasi ileile. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulizidi alama 4 kati ya 5. Anayeambiwa kwamba moyo wake unatamani kupendwa na pia kuwa huru hatakataa.

Kupiga hesabu hii barazani, kwa kicheko, hakumdhuru mtu, na huwafanya wachumba waulizane maswali ambayo pengine wasingeulizana. Madhara huanza pale uchumba unapovunjwa kwa sababu ya namba, au mtu anapotozwa fedha ili aongezewe herufi jina lake lipate kuendana na la mwenzake. Ukifikishwa hapo, chukua kalamu, uandike jina lako kwa tahajia nyingine unayoijua, uhesabu upya mbele ya huyo anayekudai. Kisha weka fedha zako mfukoni.