Fomula Anazoziacha Karani

Chukua SACCOS ya wafanyakazi yenye wanachama mia mbili na ushee. Kila mwisho wa mwezi mwajiri hutuma orodha ya makato ya mishahara, karani huibandika kwenye faili la Excel, na faili hukokotoa nani amelipa na nani amechelewa. Ripoti hiyo ndiyo inayokwenda kwa kamati ya mikopo. Sasa karani amepata uhamisho, na mrithi wake ameachiwa nusu ukurasa: pokea orodha, bandika, chapisha, peleka kwa meneja. Yote ni kweli, na mwezi ukienda vizuri yanatosha. Lakini hati ya makabidhiano huandikwa kwa ajili ya mwezi usioenda vizuri.

Mstari wa kwanza katika hati hiyo ungepaswa kuitaja fomula hii, na mahali ilipo:

```
=VLOOKUP(A48,Makato!A:C,3)
```

Inachukua namba ya mwanachama iliyo A48, inaitafuta kwenye ukurasa wa Makato, na kuleta kiasi alichokatwa. Imepungukiwa neno moja mwishoni. Bila neno hilo, Excel ikiikosa namba yenyewe hairudi mikono mitupu, bali huchukua namba ndogo iliyo jirani nayo. Tuseme mwanachama 1047 yuko likizo bila malipo na mwezi huu hakukatwa kitu. Orodha inaruka kutoka 1046, aliyekatwa shilingi 85,000, hadi 1048. Ripoti itaonyesha kuwa 1047 naye amelipa 85,000. Hakuna onyo lolote, na deni lake linasomeka limepungua wakati halijapungua. Orodha ikiwa haijapangwa kwa mfuatano wa namba, mambo huharibika zaidi.

Dawa yake ni hii:

```
=VLOOKUP(A48,Makato!A:C,3,FALSE)
```

Sasa 1047 ataonekana na `#N/A`. Wapo wanaoichukia alama hiyo na kuifunika ili isomeke sifuri. Ningemsihi mrithi asifanye hivyo kabla ya kujua sababu, maana huenda ni likizo, na huenda ni namba iliyokosewa kuandikwa. Juu ya yote, hati iseme jinsi ya kugundua kosa: jumla ya malipo kwenye ripoti lazima ilingane na jumla iliyo chini ya orodha ya mwajiri. Katika mfano wetu ya kwanza ingezidi kwa 85,000, na hapo hakuna ruhusa ya kuchapisha.

Fomula ya pili haikosei hesabu, inabadilika tu. Siku za ucheleweshaji zikipigwa kwa `TODAY()`, faili linahesabu hadi siku linapofunguliwa. Ripoti iliyochapishwa tarehe 31 inasema mkopo umechelewa siku 28. Mkaguzi akilifungua faili lile lile tarehe 9, anasoma siku 37, na mkopo umehamia kwenye kundi la waliopita siku thelathini. Mrithi ataonekana amechezea takwimu. Tarehe ya kufunga mwezi iandikwe kwa mkono kwenye seli moja, na hati itaje seli hiyo.

Ya tatu ni jumla inayoishia njiani. Ukurasa wa muhtasari una `=SUM(Mikopo!D2:D240)`, na mkopaji mpya akiandikwa mstari wa 241 hahesabiwi. Hata mabingwa hunaswa hapa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa andiko mashuhuri kuhusu madeni ya nchi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa faili lao akakuta, pamoja na kasoro nyingine, wastani mmoja uliokomea mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje.

Kuna kazi ambazo hazimo kwenye fomula yoyote, na hizo ndizo huondoka na mtu. Mwanachama mmoja hulipa kwa simu ya mkewe, kwa hiyo jina linalosomeka kwenye muamala si lake. Mhasibu wa mwajiri hatumi orodha mpaka apigiwe. Mwingine ameongezewa muda wa kulipa, na rejesho lake jipya limechapwa juu ya fomula kama namba tupu. Kila jambo la namna hii liandikwe pamoja na sababu yake na barua iliyoliidhinisha. Pasipo sababu, mrithi mwangalifu ataona namba tupu katikati ya fomula, ataidhania kosa na kuifuta.

Hati ikishaandikwa, ijaribiwe kabla karani hajaondoka. Mrithi apewe orodha ya mwezi uliopita na nakala ya faili, aandae ripoti upya kwa kuisoma hati peke yake, huku karani amekaa pembeni bila kugusa kibodi. Kila swali atakalouliza liongezwe kwenye hati. Kisha jumla zake zilinganishwe na ripoti iliyokwisha kusainiwa, shilingi kwa shilingi.