Kwa Nini Bei ya Hatifungani Hushuka Riba Inapopanda

Hatifungani ni deni. Anayeinunua huikopesha serikali au kampuni, naye hulipwa riba ya kiwango kilichotajwa tangu mwanzo, kisha hurudishiwa mtaji wake hatifungani inapoiva. Kiwango hicho huitwa kuponi, na kwa kawaida hakiguswi hata riba za sokoni zikipanda au zikishuka. Kinachosogea ni bei.

Wanafunzi wawili wa uchumi walibishania jambo hili. Yule wa mwaka wa kwanza alitoa mfano wa hatifungani ya shilingi 1,000,000, kuponi asilimia 10, iliyobakiza mwaka mmoja.

"Serikali italipa 1,100,000 kama ilivyoahidi. Sasa hasara itoke wapi, dada?"

"Kwa mnunuzi," akajibu wa mwaka wa tatu. "Hatifungani mpya za mwaka mmoja sasa zinatoa asilimia 12. Mwenye milioni yake akinunua mpya atavuna 1,120,000. Ya kwako ataichukua kwa milioni ili iweje?"

"Basi nitapunguza bei. Kiasi gani?"

Hapo hugawanywa tu: 1,100,000 ÷ 1.12 = 982,143. Atakayelipa kiasi hicho atapata 117,857 juu yake, yaani asilimia 12 kamili ya alichotoa. Bei imeshuka mpaka hatifungani ya zamani ikalipa sawa na mpya.

Muda uliobaki ndio unaoamua ukubwa wa anguko. Kama hatifungani hiyo ingebakiza miaka 10, kuponi ikilipwa mara moja kwa mwaka, mnunuzi angepungukiwa shilingi 20,000 kila mwaka kwa miaka yote hiyo. Jumla ni 200,000, lakini fedha ya miaka ya mbele ina thamani ndogo leo, kwa hiyo bei ingeshuka kwa takriban 113,000 tu, hadi kama 887,000. Ile ya mwaka mmoja ilipoteza chini ya 18,000.

"Na nisipouza?" akauliza mdogo.

"Utalipwa chote siku ya kuiva. Ila utakuwa umekula asilimia 10 wenzako wakila 12."

Jibu hilo linamfaa mwenye uwezo wa kusubiri. Benki ya Silicon Valley ya Marekani haikuwa nao. Ilikuwa imenunua hatifungani nyingi za muda mrefu riba zikiwa chini sana, kisha kuanzia Machi 2022 benki kuu ya nchi hiyo ikapandisha riba mfululizo. Wateja walipozidi kutoa amana zao, benki iliuza hatifungani za takriban dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Ilitangaza hasara hiyo Machi 8, 2023. Kesho yake wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42, na Machi 10 ikafungwa.