Integrali Yenye Parameta: Kwa Thamani Zipi Eneo Hutulia?

Katika mitihani ya hisabati ya ngazi ya juu huulizwa swali la namna hii: tafuta thamani zote za p ambazo kwazo integrali ya ln(1+x)/x^p, kuanzia x = 0 hadi ∞, ina jibu. Mwanafunzi hutazama upande wa ∞, hukumbuka kanuni moja, kisha huandika "p > 1". Jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu iliyobaki imejificha karibu na sifuri, mahali ambapo macho ya wengi hayafiki.

Neno "zote" katika swali hilo lina uzito. Linataka mambo mawili: kuonyesha kwamba kila thamani iliyotajwa inafaa, na kuonyesha kwamba kila thamani iliyoachwa haifai. Ndiyo maana kazi hugawanywa katika hali mbalimbali, na kila hali huthibitishwa peke yake.

Ni vema kwanza kueleza maana ya kutulia. Integrali ya kuanzia 1 hadi ∞ haihesabiwi kwa mkupuo mmoja. Huhesabiwa eneo la kuanzia 1 hadi N, kisha N huongezwa bila mwisho. Eneo likikaribia namba moja maalumu, husemwa kwamba integrali inatulia. Likikua bila mpaka, inatawanyika. Vivyo hivyo, fungsheni ikipanda bila mpaka karibu na sifuri, eneo huhesabiwa kuanzia namba ndogo a hadi 1, kisha a hupunguzwa kuelekea sifuri.

Kipimo cha kulinganishia ni fungsheni 1/x^q. Kuanzia 1 hadi ∞, eneo lake hutulia pale tu q inapozidi 1. Kuanzia 0 hadi 1 kanuni hugeuka: eneo hutulia pale tu q inapokuwa chini ya 1. Upande wa mbali kipeo kikubwa husaidia, kwa kuwa huishusha fungsheni upesi. Karibu na sifuri kipeo hichohicho hudhuru, kwa kuwa huipandisha upesi. Kwa hiyo hakuna q hata moja inayotuliza integrali ya 1/x^q kuanzia 0 hadi ∞.

Sasa swali lenyewe. Fungsheni ln(1+x)/x^p ni chanya popote x inapozidi sifuri, na kuna pande mbili za kuchunguzwa. Hivyo integrali hukatwa kwenye x = 1. Integrali nzima hutulia ikiwa vipande vyote viwili vimetulia, kila kimoja kwa nafsi yake. Kwa kuwa kila kipande ni chanya, kimoja hakiwezi kufuta ukubwa wa kingine.

Kipande cha kwanza ni cha 0 hadi 1. Katika eneo hili ln(1+x) haizidi x, wala haipungui x/2. Kwa hiyo fungsheni yote imebanwa kati ya nusu ya 1/x^(p−1) na 1/x^(p−1) yenyewe. Kipeo kinachohusika ni q = p − 1, nacho sharti kiwe chini ya 1; yaani p < 2. Ikiwa p = 2, fungsheni haipungui 1/(2x), na eneo la kuanzia a hadi 1 halipungui nusu ya ln(1/a), ambayo hukua bila mpaka a inapokaribia sifuri. Ikiwa p inazidi 2, fungsheni huwa kubwa zaidi, na hali huzidi kuwa mbaya. Kipande hiki basi hutulia pale tu p < 2.

Kipande cha pili ni cha 1 hadi ∞, nacho kina hali tatu.

Hali ya kwanza ni p = 1. Fungsheni ln(1+x)/x inazidi ln x/x, ambayo eneo lake kuanzia 1 hadi N ni (ln N)²/2 kamili. Kwa N = 1,000 eneo hilo ni takriban 23.9; kwa N = 1,000,000 ni takriban 95.4. Ukuaji huu ni wa polepole, na anayepima kwa kikokotoo aweza kudhani kwamba utakoma. Hata hivyo haukomi, hivyo integrali inatawanyika.

Hali ya pili ni p < 1. Hapa x^p haizidi x, kwa hiyo fungsheni haipungui ile ya hali ya kwanza. Nayo inatawanyika.

Hali ya tatu ni p > 1. Hapa ln(1+x) inayokua juu yaweza kuleta wasiwasi, lakini logi hukua polepole kuliko kipeo chochote chanya cha x. Chukua q iliyo katikati ya 1 na p. Kwa p = 1.5, q yaweza kuwa 1.25, na ln(1+x) hulinganishwa na x^0.25. Kwa x = 100 logi bado iko mbele: 4.6 dhidi ya 3.2. Kwa x = 10,000 imeachwa nyuma: 9.2 dhidi ya 10, wala haitaongoza tena. Kuanzia hapo fungsheni ni ndogo kuliko 1/x^1.25, ambayo eneo lake hutulia. Kilichotangulia ni eneo lenye mpaka, hakidhuru kitu.

Vipande vyote viwili hutulia pamoja pale tu 1 < p < 2. Hilo ndilo jibu kamili, na ncha zote mbili hazimo.

Jibu laweza kujaribiwa kwa p = 3/2. Ukiintegrati kwa sehemu, kinachobaki ni mara mbili ya integrali ya 1/(√x(1+x)). Ukiweka x = u², hiyo huwa mara nne ya integrali ya 1/(1+u²) kuanzia 0 hadi ∞, yaani 4 × π/2 = 2π.

Kwa jumla, p ikiwa kati ya 1 na 2, thamani ya integrali ni π/[(p−1) sin π(p−1)]. Hapa ndipo penye mtego. Weka p = 5/2 katika fomula hiyo, nayo itatoa −2π/3. Eneo la fungsheni chanya haliwezi kuwa hasi, hivyo kosa hujifichua lenyewe. Lakini weka p = 1/2, na fomula itatoa 2π, jibu lilelile la p = 3/2, chanya na lisilotiliwa shaka. Ilhali kwa p = 1/2 integrali inatawanyika, kama hali ya pili ilivyoonyesha. Fomula haijui mipaka yake. Mipaka hiyo hutoka katika uchunguzi wa hali mojamoja, nao sharti utangulie hesabu.

Msomaji anayetaka kujipima abadilishe ln(1+x) iwe ln(1+x²), kisha arudie hatua zilezile. Upande wa mbali hautabadilika; upande wa sifuri utasogeza mpaka kutoka 2 hadi 3.